Grafu ya tangi kwenye simu: uanzie mstari unapokata mhimili, au utafute nukta mbili safi?

Grafu nyingi za mazoezi siku hizi hazifiki kwa karatasi. Zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp usiku, picha moja na swali moja: "Tafuta mlinganyo wa mstari huu." Mwanafunzi wa Lamu au Malindi anaifungua kwenye simu, anaivuta kwa vidole viwili, na papo hapo ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kusoma pale mstari unapokata mhimili wa y kisha kuhesabu miraba. Ya pili ni kutafuta nukta mbili zilizokaa wazi na kukokotoa kutoka hapo. Ya tatu ni kupima picha yenyewe kwa pikseli. Tutaziweka kando kwa kando juu ya grafu moja ili ionekane kila moja inafaa wapi na inaharibika wapi.

Grafu yenyewe ni hii. Nyumba moja ya Shela ina tangi la lita 1,000 juu ya paa, na pampu inalijaza kutoka kisimani. Mhimili wa x ni muda kwa dakika, una namba 0, 10, 20, 30, 40 na 50. Mhimili wa y ni maji yaliyomo tangini kwa lita, una namba 0, 100, 200 hadi 800. Kati ya namba na namba kuna miraba mitano, kwenye mihimili yote miwili. Mstari unaanzia upande wa kushoto, juu kidogo ya lita 100, unapanda moja kwa moja na kutokea juu ya picha kabla ya dakika ya 45. Maswali ni mawili: mlinganyo ni upi, na tangi litajaa dakika ya ngapi?

Shuleni mlinganyo wa mstari mnyoofu unaandikwa `y = mx + c`. Hapo m ni mteremko, yaani y inaongezeka kiasi gani kila x inapoongezeka kwa 1, na c ni thamani ya y pale x ikiwa 0. Kwa tangi letu, m ni lita zinazoingia kwa dakika moja, na c ni maji yaliyokuwemo kabla pampu haijawashwa. Kushika maana hizi mbili kunasaidia kuliko kukariri herufi, kwa sababu jibu la kipuuzi linajitangaza lenyewe.

Kwanza skeli, njia yoyote utakayotumia

Kabla ya kusoma nukta yoyote, tafuta mraba mmoja una thamani gani. Hapa watu huhesabu mistari badala ya nafasi. Kati ya 0 na 100 utaona mistari minne myembamba, na anayegawa 100 kwa 4 anapata 25, na kila anachosoma baada ya hapo kinaharibika. Nafasi ni tano, kwa hiyo mraba mmoja wima ni lita 20. Kwa upande wa dakika, 10 gawa kwa 5 ni 2, kwa hiyo mraba mmoja wa kulala ni dakika 2. Kujihakiki, weka kidole kwenye namba 100 na uhesabu kwenda juu 20, 20, 20. Ukifika kwenye namba 200 kwa hatua tano kamili, skeli yako iko sawa.

Njia ya kuanzia kwenye mhimili

Hii ndiyo inayofundishwa mapema na ndiyo ya haraka. Unasoma c moja kwa moja pale mstari unapokata mhimili wa y, kisha unatoka hapo mraba mmoja kulia na kuona umepanda miraba mingapi. Ikiwa mstari unakata mhimili kwenye kona ya mraba, na mraba mmoja ni 1 pande zote mbili, hakuna haja ya njia nyingine. Dakika moja na umemaliza.

Kwenye grafu yetu, shida mbili zinajitokeza. Mstari unakata mhimili katikati ya mraba, baina ya 120 na 140. Mmoja ataandika 120, mwingine 140, na anayekisia 130 hana uhakika kama si 128. Halafu ukienda mraba mmoja kulia, mstari unapanda mraba mmoja na nusu. Hapo ndipo swali linapoingia kwenye kundi: "Mwalimu, mbona mteremko wangu mimi ni 1.5?" Jibu ni kwamba 1.5 ni hesabu ya miraba, si ya lita na dakika. Mraba mmoja na nusu kwenda juu ni lita 30, na mraba mmoja kulia ni dakika 2, na 30 gawa kwa 2 ni 15. Aliyebaki na 1.5 ataambiwa na mlinganyo wake kwamba pampu inahitaji dakika 580, karibu saa kumi, kujaza tangi ambalo kwenye picha hiyohiyo lina lita 700 kabla ya dakika ya 40. Kosa hili halionekani kwenye grafu ambazo mraba ni 1 kwa 1, na ndiyo maana linamkuta mtu ameshazoea.

Mtego mwingine wa njia hii ni picha iliyokatwa. Tuseme aliyetuma grafu alipunguza upande wa kushoto, na namba ya kwanza kwenye mhimili wa x sasa ni 10. Mstari unagusa ukingo wa kushoto kwenye 280. Ukiandika c = 280 umekosea, kwa sababu ukingo huo si mahali ambapo x ni 0. Kukitambua ni rahisi: weka x = 10 kwenye mlinganyo wako. `y = 15x + 280` inatoa 430, na kwenye picha dakika ya 10 ina lita 280. Haviingiani. Kwa hiyo kabla ya kuita kitu c, angalia namba iliyoandikwa chini ya mahali hapo. Kama si 0, hiyo ni nukta ya kawaida tu.

Njia ya nukta mbili safi

Nukta safi ni pale mstari unapopita juu ya kona ambapo mstari wa wima na wa kulala wa gridi vinakutana. Kuitafuta, vuta picha hadi mraba mmoja ujae karibu upana wa kidole gumba, kisha fuata mstari wa grafu polepole ukiangalia kona moja baada ya nyingine. Mstari ukipita kwenye kona yenyewe, unaingia mraba wa juu kulia ukitokea mraba wa chini kushoto, bila kugusa mraba mwingine wowote. Ukiona umechana kipembe kidogo cha mraba wa pembeni, hata chembamba kama ukucha, hiyo si nukta safi, iache uendelee. Mstari mnene unasomwa katikati ya unene wake, si ukingo wa juu wala wa chini.

Kwenye tangi letu kona za namna hiyo zinapatikana kila baada ya miraba miwili kwenda kulia: dakika ya 2 kwenye lita 160, ya 6 kwenye 220, ya 10 kwenye 280, na kuendelea hivyo. Tukichukua (6, 220) na (38, 700), hesabu ni hii:

```
m = (700 - 220) / (38 - 6) = 480 / 32 = 15
c = 220 - 15 × 6 = 130
y = 15x + 130
```

Sasa c imejitokeza yenyewe kuwa 130, na hatukulazimika kuikisia kwenye mhimili. Baada ya hapo chukua nukta ya tatu ambayo hukuitumia, kwa mfano (22, 460). 15 mara 22 ni 330, ongeza 130 upate 460. Imekubali. Usiruke hatua hii, na usiihakiki kwa nukta ulizotumia kukokotoa: hizo zitakubali hata kama ulizisoma vibaya.

Kujaza lita 1,000 ni 1,000 toa 130, gawa kwa 15, yaani dakika 58. Fundi wa pampu angekubali namba hiyo bila kuuliza.

Wengine hupenda kuandika milinganyo miwili, `220 = 6m + c` na `700 = 38m + c`, kisha kutoa mmoja kwa mwingine. Kinachobaki ni `480 = 32m`, hesabu ileile. Chagua unayoiandika bila kusahau alama. Kwa usahihi hazitofautiani.

Alama ndiyo inayoangusha watu mstari ukishuka. Ikiwa grafu ni ya tangi linalotumiwa na umesoma (4, 600) na (24, 200), unatoa kwa mpangilio uleule juu na chini: 200 − 600 ni −400, 24 − 4 ni 20, mteremko ni −20, na c ni 680. Aliyeandika 600 − 200 juu na 24 − 4 chini anapata 20 chanya, na mlinganyo wake unasema tangi linajaa huku watu wanaoga.

Karibu au mbali? Hapa ndipo uamuzi ulipo

Wanaokubali njia ya nukta mbili bado huchukua nukta mbili za kwanza walizoziona, na mara nyingi zimekaribiana. Kwenye skrinishoti hilo ni jambo zito kuliko kwenye karatasi, kwa sababu picha iliyotumwa na kutumwa tena hupoteza ubora na mistari ya gridi inakuwa ukungu. Kusoma nukta kwa kosa la nusu mraba ni kitu cha kawaida. Tuseme nukta ya kwanza, (6, 220), umeisoma sawasawa, na ya pili umeisoma juu kwa nusu mraba, yaani lita 10 zaidi. Tazama matokeo kwa jozi tatu tofauti:

| Nukta ya pili kama ulivyoisoma | Mteremko | c | Tangi linajaa dakika ya |
|---|---|---|---|
| (10, 290) | 17.5 | 115 | 50.6 |
| (22, 470) | 15.6 | 126 | 55.9 |
| (38, 710) | 15.3 | 128 | 56.9 |
| bila kosa | 15 | 130 | 58 |

Kosa la jicho ni lilelile, lita 10, lakini linagawanywa kwa umbali. Likigawanywa kwa dakika 4 linaharibu mteremko kwa 2.5, likigawanywa kwa dakika 32 linauharibu kwa 0.3. Kosa likienda upande wa chini ndipo maji yanapomwagika: (10, 270) inatoa mteremko wa 12.5 na kusema tangi litajaa dakika ya 68.4. Mwenye nyumba akiiacha pampu hadi hapo, dakika kumi na kitu za ziada kwa lita 15 kila moja ni zaidi ya lita 150 zinazotiririka ukutani. Kwa (38, 690) kuchelewa ni dakika moja na ushei, ndoo moja hivi.

Kwa hiyo chukua nukta safi iliyo karibu na mwisho wa kushoto na iliyo karibu na mwisho wa kulia. Tukilazimishwa kuchagua baina ya nukta mbili safi zilizo karibu na nukta mbili zilizo mbali ambazo moja ina wasiwasi wa robo mraba, tungechukua za mbali. Robo mraba ni lita 5, na 5 gawa kwa 32 haifiki 0.2. Lakini kwenye mtihani ambapo jibu kamili linatakiwa, endelea kutafuta: grafu ya mtihani wa hisabati kwa kawaida huchorwa ili nukta safi ziwepo, na ikiwa mteremko wako umetoka 15.3125, hiyo ni ishara ya kurudi kuangalia kona zako.

Hapa pia mkato wa mhimili wa y unapata haki yake. Huo ni nukta kama nyingine, x yake ikiwa 0, na mara nyingi ndiyo nukta ya mbali zaidi upande wa kushoto. Ukiangukia kwenye kona safi, utumie kama nukta ya kwanza na uunganishe na nukta ya mbali kulia. Kasoro ya njia ya kwanza ni ile hatua fupi ya mraba mmoja inayofuata.

Jihadhari na vitone. Kwenye grafu za majaribio ya fizikia, vitone ni vipimo vilivyochukuliwa, na mstari umechorwa upite katikati yao. Kitone kinaweza kukaa juu au chini ya mstari. Mlinganyo unaotafutwa ni wa mstari, kwa hiyo soma nukta ambazo mstari wenyewe unazipitia hata kama hakuna kitone hapo. Kwenye grafu ya hisabati tupu, kitone kilichowekwa kwenye mstari wenyewe kwa kawaida kimewekwa ili ukisome, na ukikikwepa unajitafutia kazi.

Njia ya pikseli

Kuna skrinishoti zisizo na gridi kabisa: mihimili miwili, namba chache, na mstari. Hakuna kona za kutafuta. Hapo unafungua picha kwenye programu inayoonyesha namba za pikseli unapogusa mahali, na unasoma nukta sita: mbili za kujua skeli ya x, mbili za skeli ya y, kisha mbili za mstari wenyewe. Alama moja ya mhimili inaweza kutumika kwa zote mbili pale 0 zinapokutana.

Kwa grafu yetu, tuseme 0 iko kwenye pikseli (140, 1250), dakika ya 50 iko kwenye pikseli 940 ya kulala, na lita 800 iko kwenye pikseli 450 ya wima. Kutoka 140 hadi 940 ni pikseli 800 kwa dakika 50, yaani 16 kwa dakika. Kutoka 1250 hadi 450 ni pikseli 800 kwa lita 800, yaani 1 kwa lita. Nukta ya mstari iliyo kwenye pikseli (748, 550) ni hivi:

```
x = (748 - 140) / 16 = 38
y = (1250 - 550) / 1 = 700
```

Angalia mpangilio wa kutoa kwenye y. Pikseli za picha zinahesabiwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo mahali pa juu pana namba ndogo. Anayekokotoa mteremko moja kwa moja kwa pikseli, kutoka (236, 1030) hadi (748, 550), anapata −0.9375, hasi, kwa mstari unaopanda mbele ya macho yake. Geuza kwanza kila nukta iwe dakika na lita, ndipo utumie njia ya nukta mbili kama kawaida.

Njia hii haijali picha ikivutwa ikawa ndefu au pana, kwa sababu kila mhimili una skeli yake. Inachokataa ni picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu kwa pembeni. Hapo upande wa mbali unasinyaa, na pikseli 16 za kushoto si sawa na 16 za kulia. Kuitambua, pima kutoka 0 hadi 10 na kutoka 40 hadi 50. Urefu ukitofautiana kwa zaidi ya pikseli moja mbili, omba skrinishoti halisi, na itumwe kama faili badala ya picha ili ubora usipunguzwe.

Kwa grafu yenye gridi, pikseli ni kazi ya bure. Nukta mbili safi za mbali zinakupa 15 na 130 kamili, wakati pikseli zitakupa 14.9 au 15.1 kulingana na kidole chako. Kwa grafu isiyo na gridi, ndiyo pekee inayokupa kitu cha kutegemea.

Mistari miwili haihitaji njia yoyote kati ya hizi. Mstari wa kulala, ambapo nukta zote mbili zina y moja, ni `y =` namba hiyo; pampu imezimwa na hakuna anayetumia maji. Mstari wa wima una x moja, kutoa chini kunaleta 0, na kikokotoo kitakuandikia kosa. Usijaribu kuulazimisha kwenye `y = mx + c`, kwani hauna m. Unaandika `x =` namba yake na unageukia swali linalofuata.